Kuandika "tunapinga" bila matusi: nilivyoisafisha barua ya mama lishe wa stendi

Ushauri unaonikera kuliko wote katika kazi ya kuwaandikia watu barua ni ule wa "andika bila kuonyesha upande". Mtu ana upande, ndiyo maana anaandika. Anachohitaji ni maneno yatakayomfanya ofisa asome hadi mwisho akiwa ametulia, na akimaliza ajue nani anataka nini na kwa sababu gani. Nitaeleza kwa barua moja ninayojivunia, ya mama lishe na wauza mitumba wanaopanga meza kando ya stendi moja ya daladala huku Temeke. Waliambiwa na manispaa wahamie soko jipya lililojengwa ndani ya mtaa, nao hawakutaka.

Sehemu ya rasimu yao ya kwanza ilikuwa hivi:

"Tumesikitishwa mno na uamuzi wa kikatili wa kutufukuza kwenye eneo letu. Eti tunaziba njia! Hivi hao viongozi wanajua watoto wetu wanakula nini? Kila mtu anajua hicho kijisoko hakina wateja. Kama Machinga Complex ilishindikana, hiki ndicho kitaweza?"

Msimamo unaonekana waziwazi, ila ofisa anayesoma anajiona katukanwa katika kila mstari. Basi mtu mmoja mwenye uzoefu wa ofisi akawaambia, "Jamani, punguzeni makali," akawaandikia barua ya pili, na sehemu yake ni hii:

"Imeonekana kuwa zipo changamoto kadhaa kuhusiana na zoezi la kuwapanga upya wafanyabiashara. Baadhi ya wadau wana maoni tofauti kuhusu soko jipya. Ni vyema suala hili likaangaliwa kwa mapana yake kwa maslahi ya pande zote."

Ilipelekwa hivyo hivyo. Kwenye muhtasari wa kikao kilichofuata kundi lile likaorodheshwa miongoni mwa waliokubali kuhama, "wakiwa na changamoto ndogondogo". Mama mmoja alinishikia karatasi ile akaniuliza, "Mwanangu, hapa tulisema tumekubali wapi?" Nikamjibu kwamba hawakusema, ila hawakusema pia kwamba wamekataa. Hapo ndipo nilipopewa kazi.

Ukiisoma tena hiyo barua ya pili utaona mahali msimamo ulipopotelea. "Imeonekana" imemfuta aliyeona. "Baadhi ya wadau" imewageuza wenye barua kuwa watu wa pembeni wanaosimuliwa. "Maoni tofauti" haisemi tofauti ipi. "Likaangaliwa" ni ombi ambalo ofisa analitimiza kwa kuliangalia tu, akafunga faili. Halafu "kuwapanga upya" ni lugha ya upande wa pili: anayeikubali amekwisha kukubali kwamba kinachofanyika ni kupanga. Ukali umetolewa, lakini upande haujatoka. Umehamia kwa manispaa.

Mimi huanza na sentensi ya msimamo, naiandika peke yake juu ya karatasi tupu kabla sijagusa kitu kingine. Iwe na mtendaji anayejulikana, kitenzi kimoja kisicho na tafsiri mbili, na jambo lenyewe: "Sisi, wauza chakula na nguo wa kando ya stendi, tunapinga mpango wa kutuhamishia soko jipya." Watu huogopa neno "tunapinga" wakidhani ni kali. Halina ukali wowote, linataja tu mahali uliposimama. Kilichokuwa kikali kwenye rasimu ya kwanza ni "kikatili", "eti" na "hao", na hayo yote yanaweza kutoka bila msimamo kutikisika hata kidogo.

Joto la Kiswahili huwa limejificha kwenye vitu vidogo, na anayewinda vivumishi peke yake atayaacha mengi. "Eti" inamwita mwenzako mwongo bila kumwita. "Hivi" mwanzoni mwa swali inamfanya aonekane hana akili. "Kijisoko" na "vijibanda" ni dharau iliyobebwa na kiambishi, na anayedharauliwa huisikia mara moja. "Hao viongozi" inawasukuma mbali, wakati "viongozi" peke yake inatosha. "Wanadai" inapanda shaka, kwa hiyo naweka "wameeleza" au "wamesema". "Kila mtu anajua" huwa inamaanisha hatuna ushahidi. Maswali ya kuchokoza nayageuza kuwa sentensi za kawaida, na sentensi isiyokubali kugeuzwa huwa haikuwa na hoja ndani yake. "Wanajua watoto wetu wanakula nini?" ikawa "Biashara hii ndiyo kipato kikuu cha familia zetu." Uzito umebaki, tena sasa unaweza kuthibitishwa.

Kwa kitenzi cha tendo lenyewe nilitafuta neno ambalo pande zote mbili zingelisoma bila kukunja uso. Wenye meza walisema kufukuzwa, manispaa ikasema kupangwa upya. Mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara angeona meza zikitoka hapa na kwenda pale. Hiyo ni kuhamishwa, na ndilo neno nililotumia barua nzima bila kulibadilisha.

Sasa nifike kwenye mbinu ninayoipenda. Rasimu ikishapoa, naitolea kopi, nachukua kalamu nyekundu, nakata "tunapinga" na kuandika juu yake "tunaunga mkono". Kisha naisoma yote kwa sauti kana kwamba imeandikwa na mtu anayetaka meza zile ziondoke. Sentensi ya maelezo iliyo safi itasimama chini ya msimamo wowote kati ya hiyo miwili. Iliyobeba upande kwa siri itaanguka hapo hapo, sikio linaikataa.

Kwenye barua ile tulikuwa na sentensi "Soko limejengwa mbali na watu." Niliposoma kwa msimamo uliogeuzwa ikagoma, maana soko lipo katikati ya nyumba za watu, lililo mbali nalo ni stendi. Tukaandika: "Soko jipya liko mwendo wa dakika 15 kwa miguu kutoka stendi, na hakuna daladala inayopita mbele yake." Hiyo ilisimama pande zote mbili, maana hata anayetaka wahame hawezi kuikana. "Wateja wetu wengi ni abiria wanaoshuka au kusubiri daladala" nayo ilisimama. "Tutapoteza wateja hao" ilianguka, na ilistahili kuanguka, kwa sababu ni hoja ya upande wetu kuhusu jambo ambalo halijatokea. Sentensi ya namna hiyo haifutwi. Inawekewa alama ya mwenyewe: "Kwa maoni yetu, tukihamia huko kabla ya kuwa na kituo cha daladala, tutapoteza sehemu kubwa ya wateja hao." Alama hiyo niliitumia hapo na mahali pengine pamoja tu. Ukiitawanya kila mstari, mpaka umbali wa soko nao unaanza kuonekana ni maoni.

Machinga Complex ndiyo ilitusumbua. Kejeli ya "ilishindikana" ilitoka bila mjadala, lakini mfano wenyewe ulikuwa na maana kwao. Tuliandika kwamba lile jengo la Karume lilipofunguliwa, vizimba vingi vilikaa muda mrefu bila wafanyabiashara. Sentensi ikapita mtihani wa kalamu nyekundu. Hata hivyo, mtu wa upande wa pili angejibu kwamba lile ni ghorofa na wateja hawakupenda kupanda ngazi, wakati soko hili liko chini kabisa. Kwa hiyo tuliongeza kinachofanana, nacho ni kwamba mteja wa bidhaa ndogo hununua pale anapopita. Ukiacha ulinganisho ukining'inia, msomaji ataudaka kwa ile tofauti, na hoja nzuri itaondoka nao.

Kulikuwa na ubishi kuhusu kutaja sababu ya manispaa. Baadhi walisema tukiiandika tutakuwa tumewapa silaha. Nikasimamia iwekwe, tena kwa maneno ambayo manispaa yenyewe ingeyakubali: "Manispaa imeeleza kuwa meza zetu zinaziba njia ya watembea kwa miguu. Ni kweli kwamba asubuhi na jioni watu hulazimika kushuka barabarani mbele ya stendi." Ofisa anapita pale kila siku, analijua hilo. Akikuta limefichwa, hataamini hata zile dakika 15. Kukiri jambo hilo hakukugusa msimamo, kwa kuwa sentensi iliyofuata ilitoa njia: "Tunapendekeza meza zirudishwe nyuma mita 1.5 kutoka ukingo wa barabara, na mpango wa kutuhamisha usitishwe hadi kituo cha daladala kitakapowekwa sokoni." Mita hizo tuliziona kwa futi kamba pale pale, nafasi ipo. Tuliandika pia kuwa Ibara ya 21 ya Katiba inampa raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Ibara inatajwa mara moja, bila alama ya mshangao pembeni yake.

Kuna mahali nilikataa kabisa kulainisha. Rasimu ilieleza kwamba mgambo walimwaga sufuria ya wali wa mama mmoja. Yule mshauri wa mwanzo alikuwa ameibadilisha ikawa "palitokea sintofahamu wakati wa zoezi". Hiyo ni kuficha tukio. Kilichomwagwa kimemwagwa, na sentensi tulivu ni ile inayotaja siku, saa, nani alifanya na nini kilifanyika: mgambo walimwaga sufuria ya wali iliyokuwa jikoni. Kilichotoka hapo ni "kinyama" na "bila huruma" peke yake. Anayesoma atajaza mwenyewe.

Kabla ya kuchapa niliipeleka kwa watu wawili: muuza duka ambaye meza zile zinamzibia mlango, na kijana wa bodaboda asiyejua habari yoyote ya mgogoro huo. Muuza duka nilimuuliza, "Kaka, wapi tumekuonea?" Akaonyesha "eneo letu", kwa kuwa barabara si ya mtu. Tukaandika "eneo tunalofanyia biashara". Kijana nilimuuliza swali moja tu, "Hawa wanataka nini?" Akajibu papo hapo: hawataki kuhama mpaka daladala zifike kule. Asingejibu hivyo, ningerudi mezani, hata kama lugha ingekuwa tamu namna gani.

Gharama ilikuwa ya stesheneri, buku chache za kuchapa na kutoa kopi.

Lililobaki ni kichwa cha barua, na hapa wengi hupoteza kila kitu. Masjala huandika kwenye rejesta kile kilicho kwenye mstari wa YAH, na wajumbe wengi wa kikao hawaoni zaidi ya hapo. Barua ya pili ilikuwa na "YAH: MAONI KUHUSU SOKO JIPYA". Yetu ikawa "YAH: KUPINGA MPANGO WA KUTUHAMISHIA SOKO JIPYA NA PENDEKEZO LA KURUDISHA MEZA NYUMA". Karani aliusoma mstari huo, akagonga muhuri kwenye nakala yetu, na safari hii rejesta iliandika neno "kupinga".