Siku moja maishani mwangu: ndizi mbichi, makaa, na ganda linalodanganya

Saa 11 alfajiri

Dodoma ni nchi ya uwele, mtama na zabibu. Ndizi kwetu ni mgeni, anakuja na lori. Zangu zinatoka Tukuyu, zinapita Iringa na Mtera usiku, zinashushwa soko la Job Ndugai pale Nzuguni watu wengi wakiwa bado wamejifunika blanketi. Ukifika saa 1 unaokota zilizobaki, na zilizobaki huwa zina sababu ya kubaki.

Ninachotafuta ni mzuzu mbichi iliyokomaa. Watu huchanganya mbichi na changa. Mbichi haijaiva, changa haijakomaa. Changa ina pembe kali kama penseli ya mbao, ukiipapasa unazihesabu kwa kidole. Iliyokomaa imejaa, pembe zimelainika, inakaribia kuwa duara. Hiyo changa hata ukeshe nayo jikoni haipati ule ulaini wa viazi. Inabaki na majimaji na ukakasi unaokaza ulimi.

Muuzaji wangu alinikaribisha kama kawaida yake. "Mama, leo beba mkungu mzima, nakupunguzia."

"Shikamoo baba. Mkungu mzima nitaulisha nani? Nikatie chane za juu."

Alicheka kwa sababu anajua ninachokwepa. Kwenye mkungu chane za juu ndizo zinazotangulia kukomaa, za chini ni vidole vya mtoto. Nikaondoka na ndizi 70, nimezipanga kwenye ndoo pana, si kwenye kiroba. Kiroba kilichofungwa ni chumba cha kuivishia: ndizi moja ikianza kuiva inatoa hewa yake, na wenzake wote wanaifuata. Nilishawahi kupoteza mzigo wa siku mbili namna hiyo, nimefunga kiroba vizuri kabisa, najiona mwangalifu.

Saa 1 hadi saa 4 asubuhi

Chai, uji wa watoto, kufagia kibanda. Kibanda changu kiko karibu na stendi kuu, upande ambao upepo hauna huruma. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19, ndiye msaidizi. Kazi yake asubuhi ni kuegesha mabati mawili upande wa mashariki. Wageni wanadhani ni ya kuzuia vumbi. Ni ya kulinda moto: upepo ukipiga jiko kutoka upande mmoja, makaa ya upande ule yanawaka kama ya fundi chuma na ya upande wa pili yanasinzia, halafu unapata ndizi iliyoungua kichwani na mbichi mkiani.

Saa 4 na nusu

Nawasha. Natumia mkaa mgumu, vipande vya ukubwa wa ngumi ya mtoto. Mpaka moto uwe wa kuchomea ndizi ni nusu saa au zaidi, na hapo ndipo wengi wanapokosa subira. Nasubiri weusi wa mkaa uishe, kila kipande kivae majivu ya kijivu na wekundu uonekane kwa ndani tu. Kisha naweka kiganja usawa wa wavu na kuhesabu. Nikitoa mkono kabla ya 3, moto ni mkali, naunyunyizia majivu ya jana. Nikifika 5 ndipo nashindwa kuvumilia, huo ndio wangu. Wavu wenyewe uko juu ya makaa kama upana wa kiganja.

Wakati nasubiri natayarisha ndizi. Sizimenyi. Jirani yangu wa mishkaki anamenya zake, anazipaka mafuta na kuzigeuza kila dakika, na ndizi zake ni nzuri ukila pale pale na nyama: ngozi ngumu ya dhahabu nje. Mimi nataka kitu kingine. Ganda la ndizi mbichi ni nene na limejaa maji. Likiwekwa kwenye makaa lenyewe linaungua, ila ndani linageuka sufuria lenye kifuniko, na nyama ya ndizi inaiva kwa mvuke wake yenyewe. Ndiyo maana inatoka laini bila tone la mafuta.

Kwa hiyo naacha ncha zote mbili, sikati, maana ukikata umefungua kifuniko. Ninachofanya ni kupaka mikono mafuta kidogo kwa ajili ya utomvu, halafu nachora mstari mmoja wa kisu kwenye upande uliopinda kwa ndani, kina cha ganda tu. Kisu kikigusa nyama, hapo patakauka na kuwa ngumu. Mstari huo ni wa kupumulia: mvuke unapata mlango, ndizi haipasuki inapojitakia. Na baadaye ndipo pa kuanzia kumenya.

Saa 5 na robo

Ndizi 10 za kwanza wavuni, mstari wa kisu ukitazama juu, nafasi ya kidole kati ya moja na nyingine.

Mzuzu wa unene huu unanichukua dakika 25 mpaka 30. Nageuza robo kwa robo, siyo mgongo na tumbo tu. Upande wa kwanza dakika 6 au 7, kisha robo, dakika 6, robo tena. Upande wa mstari wa kisu nauruka zamu yake ikifika, unakwenda chini mwisho kabisa, kwa sababu ukianza nao nyama inayochungulia inakauka kabla ya kuiva. Na kila ninapogeuza nabadilisha nafasi: zilizo katikati zinakwenda pembeni, za pembeni zinakuja katikati.

Ganda linapita rangi zake. Kijani kinafifia, linakuwa kama jani la mgomba lililokauka, halafu madoa meusi, halafu lote jeusi tii. Kwenye dakika ya 10 hivi mstari wa kisu unaanza kutoa povu la utomvu na sauti ndogo, chwiii. Kwenye dakika ya 20 sauti inapungua, mstari umefunguka kama mdomo, na zile pembe zilizokuwa zinahisika zimelala. Ukibana kwa koleo inabonyea na kubaki imebonyea.

Lakini jibu la mwisho linatoka kwenye spoku ya baiskeli niliyoinoa. Naipitisha kwenye mstari hadi kiini. Ikipita kama kwenye kiazi kilichoiva, tayari. Ikikwama katikati, mahali pa unene wa penseli, bado kiini hakijapata moto wa kutosha, na hapo ndani pana mstari mweupe kama chaki. Wanga wa ndizi mbichi hauna sukari ya kukudanganya mdomoni. Usipoiva unaujua kwa meno.

Saa 7 mchana

Hapa ndipo siku iliponiharibikia. Nilikwenda kuchota maji, nikamwachia kijana jiko. Nikarudi nikakuta kondakta wa basi moja amesimama, abiria wanachungulia madirishani.

"Mama mdogo, wanataka 12, basi linaondoka baada ya robo saa," kijana akaniambia, anapepea kwa nguvu zote na kipande cha boksi. Alikuwa ameongeza mkaa mpya na kuyasogeza mabati ili upepo usaidie.

Nikatazama wavuni: nyeusi zote, zinang'aa. Dakika 9 tu. Kabla sijasema neno alishamenya ya kwanza na kumpa kondakta. Yule bwana akauma, akatafuna kidogo, akaacha kutafuna.

"Mama, hii si ndizi, hii ni chaki."

Nikamwomba radhi, nikamwonyesha nyama: nje kidogo imekuwa ya njano, unene wa kucha, ndani kote nyeupe. Moto mkali uliliunguza ganda kabla joto halijasafiri hadi katikati, na safari ya joto ndani ya ndizi haina njia ya mkato. Ganda lilikuwa limeshakauka na kupasuka, kwa hiyo hata mvuke ulikuwa unatorokea nje. Basi likaondoka. Niliuza tano tu, zile zangu za awali zilizokuwa zimepumzika pembeni.

Zile 12 sikuzitupa. Ile iliyomenywa niliipasua katikati kwa urefu, nikaichoma upande wa nyama juu ya makaa ya pembeni, nikiipaka maji ya chumvi, dakika 3 kila upande, tukala wenyewe. Zile 11 zenye ganda nilizihamisha upande usio na moto mwingi, nikazifunika na sufuria kuukuu juu yake na kuziacha dakika 15. Tisa zikaiva vizuri. Mbili zilikuwa zimepasuka sana, zikatoka kavu, ngumu kama mhogo wa juzi.

Kijana alinyamaza muda mrefu. Mwishowe akauliza, "Sasa mteja mwenye haraka nimwambieje?"

"Mwambie nusu saa. Akiondoka, ameondoka."

Saa 10 jioni hadi saa 1 usiku

Huu ndio muda wa biashara: bodaboda, wanafunzi, wafanyakazi wanaoshuka daladala. Naweka chache chache kila dakika 15, ili zisikosekane za moto wala zisirundikane. Kuzirundika ni hasara, kwa sababu ndizi hii ikipoa inakaza. Ikikaa saa moja wazi imekuwa kijiti. Kwa hiyo zilizoiva zinakaa na ganda lake jeusi pembeni ya jiko, na nazimenya mteja akiwa amesimama mbele yangu. Nashika kwa kitambaa, naingiza kidole gumba kwenye ule mstari, ganda linafunguka pande mbili na mvuke unapanda. Chumvi, pilipili, ndimu, kachumbari kwa anayetaka. Sh 500.

Mama mmoja wa Kigogo, mteja wangu wa siku nyingi, alifika na salamu yake, "Mbukwenyi." Yeye hataki kachumbari. Anachukua ndizi mbili, anauliza kama kuna maziwa ya mgando, na kabla ya kulipa lazima azibonyeze yeye mwenyewe. Leo alibonyeza moja akairudisha. "Hii iache kidogo." Nikaipima kwa spoku: ilikwama. Spoku nimeinoa mimi, lakini kidole cha yule mama kilishatangulia kujua.

Saa 3 usiku

Nimehesabu: 70 za asubuhi, 56 zimeuzwa, 6 tumekula, 2 zimeharibika, 6 zimebaki mbichi. Katika hizo 6, moja imeanza njano nchani. Nimeitenga mbali na wenzake. Kesho asubuhi nitawachomea watoto, hiyo kwa moto mdogo zaidi na dakika 12 tu, kwa kuwa ina sukari tayari na inawahi kuungua. Nyingine tano nimezilaza sakafuni, chini ya kitanda, ambako hata mwezi wa 11 saruji huwa baridi.

Kijana ameyafunika makaa kwa majivu. Nimemkuta na spoku mkononi, anaidunga dunga ndizi ya mwisho iliyokuwa jikoni, chakula chake cha usiku.

"Bado," akasema, akaigeuza robo.