Jubilei ya ndoa: maneno yenyewe yasemwe wapi, na yasemwe vipi

Moshi, Jumapili jioni.

Huku uchagani hakuna anayesema "kurudia viapo". Watu husema jubilei: ya fedha ni miaka 25, ya dhahabu ni 50, na katikati hapo wengi hufanya ya 30 au 40 kwa sababu wanajua hesabu za umri. Kabla ya kuzungumzia keki na ndafu, kuna swali moja ambalo paroko ataliuliza mapema: mlifunga ndoa kanisani? Wapo wazee wameishi pamoja miaka 35, mahari ilitolewa, wana wajukuu, lakini hawajawahi kusimama altareni. Kwao hiyo si jubilei. Hiyo ni kufunga au kubariki ndoa, ina maandalizi yake, na cheti kitaandikwa. Jubilei haina cheti kipya, kwa sababu ndoa iko palepale ilipokuwa. Kwa hiyo tafuteni kile cheti cha zamani kwanza. Kikiwa kimepotea, daftari la parokia mlikofungia litawasaidia, na hilo huchukua muda.

Kwa Wakatoliki, padre hubariki wenzi ndani ya Misa, nao huweza kuthibitisha ahadi yao kimya au kwa sauti, na pete hubarikiwa kama ni mpya. Ni jambo fupi. Wengi hukosea hapa: wanakwenda na karatasi ya kurasa mbili, kumbe Jumapili hiyo kuna jozi nyingine sita zinazosubiri baraka, hasa Desemba Wachaga wote wakiwa wamepanda nyumbani. Ushauri wangu ni kugawa: kanisani baraka, nyumbani maneno. Nyumbani, kabla ya chakula. Baada ya mbege kuzunguka hakuna anayesikiliza.

Na maneno yenyewe? Angalieni kiapo cha kwanza: karibu chote ni "nita". Nitakupenda, nitakuwa mwaminifu. Vijana hawana cha kusema zaidi, kwa kuwa bado hawajaishi. Baada ya miaka 30 mkirudia "nita" tupu, linasikika kama shairi la kukaririshwa. Sasa mna "uli" na "tume". Kwa hiyo naona kiapo cha jubilei kiwe na vipande vitatu: jambo moja au mawili ambayo mwenzako alitenda, yenye mahali na kitu cha kushika, sentensi moja ya yaliyokwisha, halafu ahadi mbili zinazoweza kutekelezwa katika umri mlio nao.

Mfano, mume wa Kibosho akimwambia mkewe:

"Mama Neema, siku ile niliahidi nikiwa sijui ninachoahidi. Tulipokosa ada ya Neema, ulibeba ndizi hadi Mbuyuni, ukarudi na pesa, na hukunitajia hilo mbele ya mtu hata siku moja. Nililiona. Niliyokukosea tunayajua sisi wawili, na tumeyamaliza. Kuanzia leo sitalala nikiwa nimenuna, na dawa zako za presha nitakukumbusha mimi, si watoto."

Hayazidi maneno 60. Yakifika 100 bado yanavumilika. Yakizidi hapo shemeji anaanza kutafuta simu yake. Sentensi ya "tumeyamaliza" ndiyo yenye hatari. Isemwe tu kama ni kweli. Nyumba ndogo, pombe, shamba lililouzwa kimyakimya: hayo hayaombewi msamaha kwenye maikrofoni, maana mwenzako atalazimika kusema "nimekusamehe" mbele ya wakwe, na huo si msamaha. Jani la isale, ambalo kwa Wachaga ni ishara ya kuomba msamaha, lipo kwa kazi hiyo. Lipelekwe wiki kadhaa kabla, ndani, mbele ya mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili. Kama halikupokelewa, sherehe isogezwe mbele. Kama limepokelewa, pandeni isale changa penye mpaka wa kihamba, shamba lenu la nyumbani, siku ya jubilei; ni tendo zuri kuliko kukata keki ya ghorofa tatu, ingawa najua keki mtakata tu.

Kila mmoja aandike peke yake, asimwonyeshe mwenzake, ila mtoto mmoja mkubwa asome zote mbili apime urefu. Mmoja akiwa na mistari minne na mwingine ishirini, mwenye minne ataonekana hana mapenzi. Andikeni kwa herufi kubwa kwenye kadi ngumu, kwani karatasi laini hutetemeka na mkono. Miwani ya kusomea iwe mfukoni mwa baba, isiachwe kwenye gari. Na mshereheshaji aambiwe waziwazi mapema: hapo hakuna muziki wa chini, hakuna "piga vigelegele", na maikrofoni aikabidhi kisha arudi nyuma.

Mama aanze. Baba akianza, mara nyingi analia yeye, na zamu ya mama inapotea.