Mifuko ya tanga, Lamu: naandika upya maelezo ya bidhaa

Maelezo ya mfuko wetu mkubwa yalikuwa hivi: "Kitambaa cha tanga la jahazi. Uzi wa poliesta. Mishono miwili. Bitana ya pamba. Sm 40 × 35 × 12." Yote ni kweli, ila ni maneno ya fundi. Yanaeleza mfuko ulivyoshonwa, na mnunuzi aliye Nairobi anataka kujua utamfaa vipi.

Wiki hii nimepitia upya ujumbe wa wateja kwenye Wasapu. Maswali yao ni yale yale: laptopu inaingia? Unafulika? Mkanda hautakatika? Kisha nimechukua kila sifa na kuiuliza "kwa hiyo?" mpaka ifike kwenye mojawapo ya maswali hayo.

Vipimo vimefika upesi. Laptopu ya inchi 13 ina upana wa kama sm 31, basi inaingia ikiwa imelala, na pembeni pabaki nafasi ya chaja na chupa ya maji.

Kitambaa kimenichukua muda zaidi. Tanga la jahazi, kwa hiyo? Nilimuuliza mjomba, ndiye anayeshona.

"Limenyeshewa na kukauka miaka," akasema. "Kama ni kurudi, lisharudi zamani."

Pamba mpya hurudi, yaani hupungua ukubwa, ikifuliwa mara ya kwanza. Ndiyo maana bitana, ambayo ni mpya, huifua kabla ya kuikata. Asipofanya hivyo, mfuko ukifuliwa bitana huvuta mishono na sehemu ya ndani hujikunja. Faida kwa mnunuzi ni kwamba ataufua na utabaki na umbo lake. Hilo halikuwemo kabisa kwenye orodha!

Mishono miwili haikufika popote mpaka nilipotaja mahali ilipo: chini ya kila mkanda pameshonwa mraba wenye msalaba ndani, ili uzito usivute sehemu moja tu. Sifa yenyewe nimeibakiza, kwa sababu ndiyo ushahidi. Ukiandika "hautakatika" peke yake, kila muuzaji anasema hivyo.

Kuna neno moja nimelikataa. Rafiki alishauri niandike kwamba mfuko hauingizi maji. Hii ni pamba, mvua ya masika hupenya, na laptopu ya mtu ikilowa lawama ni yetu. Nimeandika wazi kuwa hauzuii mvua.

Sasa yasomeka hivi:

"Beba laptopu ya inchi 13, chaja na chupa ya maji kwa mfuko mmoja (sm 40 × 35 × 12). Ufue nyumbani bila hofu ya kurudi: tanga lilisharudi lilipokuwa baharini, na bitana imefuliwa kabla ya kushonwa. Mikanda imeshikwa kwa mraba wenye msalaba, ibebe mzigo wa siku nzima. Hauzuii mvua."

Uzi wa poliesta nimeuondoa, hakuna aliyewahi kuuliza. Kinachofuata ni kipochi kidogo. Hicho hununuliwa zaidi na wageni wa Shela kwa zawadi, na maswali yao ni mengine, basi naanza tena kwenye ujumbe wao.