Klipu ghafi ni za nani? Mkataba wangu na mwenye boti

Ukiagizwa kazi ya video hapa Kenya na msiandikiane chochote, hakimiliki ya kazi ile si yako. Ni ya aliyekuagiza. Nililijua hilo nikiwa nimeshaumia.

Nilikuwa nimempigia video mwenye mgahawa mmoja hapa Mombasa, dakika mbili, shilingi 60,000, na tulikubaliana kwa simu. Marekebisho yalifika raundi tisa. Pesa zilikuja kwa vipande vipande vya M-Pesa kwa muda wa miezi minne. Mwishoni akaniomba na klipu zote, nami kwa kuchoka nikamjazia diski nikampa. Baadaye nikaona kwenye tangazo lililohaririwa na mtu mwingine ule mkono wa mpishi ukimimina tui la nazi kwenye sufuria ya wali, picha niliyoisubiri asubuhi nzima mpaka mwanga wa dirishani ukakaa sawa. Nikaenda kwa rafiki yangu wakili nikitaka tumwandikie barua.

Akanifungulia kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Kifungu kinaanza kwa kusema hakimiliki ni ya mtunzi, kisha kinaleta sharti: kazi ikiwa imeagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwagizaji, isipokuwa kama wahusika wamekubaliana vingine. "Ndugu yangu, wewe ulinyamaza," akaniambia, "na hapa kwetu ukinyamaza umempa." Wengi wetu katika kazi hii tunaamini kwamba aliyeshika kamera ndiye mwenye picha. Ni kweli kwa zile unazojipigia mwenyewe bila kuagizwa na mtu. Kwa kazi ya kuagizwa, lazima uandike.

Basi nikaandika. Mkataba wa kwanza niliufanya na bwana mmoja wa Mtwapa mwenye boti tatu za kuwatembeza wageni jioni. Alitaka video moja ya sekunde 90 na vipande vitatu vifupi vya kuweka mtandaoni, bei shilingi 80,000. Mkataba ulikuwa kurasa mbili za Kiswahili, kwa sababu nilitaka ausome mwenyewe, asisomewe.

Penye umiliki tulikaa karibu saa nzima. Nilikuwa nimeandika kwamba video zilizokamilika zitakuwa zake siku atakapomaliza kulipa, lakini klipu ghafi na faili la uhariri vitabaki vyangu. Akasimama kabisa. "Kijana, boti ni yangu, wageni ni wangu, mafuta ni yangu, halafu picha ziwe zako?" Hakuwa anabishana kwa kupenda kubishana. Hofu yake ilikuwa nisije nikawauzia wenzake wa pale pale majini picha za boti zake. Nilipoielewa hofu hiyo tukaandika sentensi mbili zaidi. Ya kwanza: klipu ghafi ni zangu lakini sitamuuzia wala kumpa mtu mwingine picha yoyote inayoonyesha boti zake au wageni wake. Ya pili: akizitaka, nitampa kwa shilingi 20,000 ndani ya miezi sita, na baada ya hapo nina ruhusa ya kuzifuta. Nikaongeza kwamba naweza kuonyesha video iliyokamilika kwa wateja wangu wapya kama mfano wa kazi. Hilo alilikubali bila neno.

Neno "siku atakapomaliza kulipa" ndilo lililobeba uzito. Bila hilo, kifungu kile kinaweza kumpa mteja umiliki hata kabla hajatoa nusu ya pesa. Kwa hilo, anayetumia video kabla ya kumaliza kulipa anatumia mali ya mwingine, na unaweza kumwambia hivyo kwa adabu.

Kwenye marekebisho niliandika raundi mbili. Lakini namba haitoshi, nilijifunza hilo mgahawani, kwa sababu mteja hahesabu kama unavyohesabu wewe. Kwake ujumbe wa sauti wa saa nne usiku ni nyongeza ndogo tu ya raundi ya jana. Kwa hiyo nilieleza raundi ni nini: orodha moja, ya maandishi, kutoka kwa mtu mmoja tuliyemtaja kwa jina, inayotaja dakika na sekunde, na inayoletwa ndani ya siku saba tangu nimtumie rasimu. Kupunguza sauti ya muziki au kubadilisha rangi ya maandishi ni marekebisho. Kubadilisha wazo tulilokubaliana, au kunirudisha baharini kupiga upya, ni kazi mpya yenye bei yake. Raundi ya tatu ni shilingi 5,000.

Kipengele hicho kilijaribiwa mapema. Rasimu ilipotoka, kaka yake aliye Dubai akaanza kunitumia sauti WhatsApp, anataka droni izidi, anataka machweo yaje mwanzo. Mwenye boti naye alitaka machweo yabaki mwisho. Nikamjibu kaka mtu: "Kaka, maoni yako nimeyasikia, tafadhali mpe ndugu yako ayatie kwenye orodha." Wakazungumza wao kwa wao. Ikanijia orodha ya mistari sita, wa kwanza ukisema "sekunde ya 14, jina la boti halisomeki." Nikaimaliza siku moja.

Malipo niliyagawa mara mbili: arubuni ya 40,000 kabla ya kutoa kamera begini, na salio la 40,000 kabla ya kumpa faili safi. Rasimu zote zilikwenda zikiwa na jina langu katikati ya picha. Hapa kuna shimo ambalo wengi huliacha wazi: ukiandika kwamba salio litalipwa "kazi ikikamilika", mteja asiyejibu hajawahi kukamilisha kazi, na deni halina tarehe. Niliandika kwamba akikaa siku saba bila kuleta orodha, rasimu imekubaliwa na salio limeiva. Baada ya hapo ana siku saba nyingine, kisha inaanza nyongeza ya asilimia 2 kwa mwezi. Wakili alinizuia nilipotaka asilimia 10, akisema mahakama inaweza kuikataa nyongeza inayofanana na adhabu kuliko hasara yako ya kweli.

Mwenye boti alichelewa. Msimu ulikuwa mbaya, wiki tatu zikapita. Asilimia 2 ya 40,000 ni shilingi 800 tu, na si hizo zilizomleta. Alikuwa ameibandika ile rasimu kwenye ukurasa wake na jina langu limepita katikati ya boti. Nilimwandikia: "Shikamoo mzee. Salio liliiva tarehe tuliyoandika. Video bado haijawa yako kwa kipengele cha pili, naomba uitoe mpaka tumalizane." Sikutaja Mahakama ya Madai Madogo, ingawa ningeweza kwenda bila wakili, maana husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Aliitoa jioni ile, na siku mbili baadaye akatuma yote pamoja na zile 800. Sasa mkataba wangu una sentensi moja zaidi, kwamba rasimu haibandikwi popote.

Mwezi wa tano wa ile miezi sita alinipigia mwenyewe, akitaka klipu ghafi za boti yake kubwa kwa ajili ya mabango. Nilimpelekea diski Mtwapa, akanilipa 20,000 pale pale gatini.