Siku nne za mwezi wa tano

Mwaka 2019 nilishindwa shauri langu la kuachishwa kazi. Tuzo, yaani uamuzi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ilikuwa na tarehe 4 Machi, siku ambayo nilikuwa kijijini kwenye msiba. Niliifuata Alhamisi tarehe 21, nikasaini daftari la kupokelea, nikaandika tarehe kwa mkono wangu pembeni ya jina. Mstari ule mmoja ndio ulioniokoa.

Anayetaka kuipinga tuzo haendi kwa rufaa ya kawaida, anaomba marejeo, yaani tuzo ipitiwe upya, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Muda wake ni wiki sita. Jamaa niliyefanya naye kazi akanihakikishia kwamba zinaanza tarehe iliyoandikwa kwenye tuzo, kwa hiyo 15 Aprili ilishapita na mimi nimeshakwisha. Nilikaa siku tatu nyumbani bila kumweleza mke wangu.

Mwanasheria wa msaada wa kisheria alinifungulia kifungu chenyewe. "Kaka, soma hapa. Wiki sita tangu ulipokabidhiwa tuzo." Siku ya kukabidhiwa haihesabiwi, akasema, unaanzia kesho yake. Na kwa kuwa wiki sita ni siku 42 kamili, ukipokea Alhamisi mwisho wako ni Alhamisi. Kidole chake kilishuka kwenye kalenda ya ukutani hadi 2 Mei.

Tarehe 27 Aprili nikalazwa kwa malaria. Nikaruhusiwa Ijumaa, 3 Mei.

Sasa nilikuwa nimechelewa kweli, ila kwa siku nne, si ishirini na moja, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mwombaji wa kuongezewa muda anatakiwa kutoa hesabu ya kila siku aliyochelewa. Kusema tu "niliugua" hakutoshi. Kiapo changu kikaenda siku kwa siku: tarehe 3 natoka wodini, na cheti cha kuruhusiwa kimeambatishwa, tarehe 4 na 5, Jumamosi na Jumapili, masjala imefungwa, Jumatatu tarehe 6 maombi yamepokelewa. Tukaambatisha pia nakala ya ule ukurasa wa daftari.

Wakili wa mwajiri aling'ang'ania 4 Machi. Jaji akautazama ukurasa kwa muda, akaniuliza, "Saini hii ni yako?" Nikajibu, "Ndiyo, Mheshimiwa." Akaniuliza kwa nini sikuleta maombi mapema nikiwa bado mzima. Hilo lilinichoma, maana lilikuwa swali la haki. Nikamweleza kwamba nyaraka zilikuwa zikiandaliwa, na mwanasheria akaonyesha rasimu yenye tarehe 26 Aprili.

Nikapewa siku 14 za kuwasilisha marejeo. Nikiwa bado mlangoni nilimuuliza karani kama leo imo.

"Haimo," akasema. "Lakini lete kesho."

Nilipeleka kesho yake, saa mbili asubuhi.