Mipaka niliyomwekea mhasibu wangu kwenye barua ya kuniwakilisha TRA

Barua ambayo mhasibu wangu aliniletea nisaini ilikuwa na mistari mitatu. Ilisema kampuni inamteua "kushughulikia masuala yote ya kodi na kusaini nyaraka yoyote kwa niaba yetu". Haikuwa na tarehe ya mwisho, haikutaja ni kodi ipi wala ni mwaka upi. Nilimwomba aniachie nakala, nikamwambia nitaandika ya kwangu.

Nina kampuni ndogo ya kukamua alizeti Kibaigwa, mimi na kaka yangu tukiwa wakurugenzi. Alizeti tunanunua kwa wakulima wa Mlali, Hogoro na Mtanana, na mafuta tunauza kwa wenye maduka. Mwaka 2024 tulipokea barua ya ukaguzi wa kodi kutoka TRA, wakitaka hesabu na vielelezo vya mwaka wa mapato 2022. Ofisi yao ipo Dodoma mjini, na msimu ule mashine ilikuwa inakamua usiku na mchana. Nisingeweza kuiacha kila mkaguzi anapohitaji karatasi. Kumtuma mhasibu ilikuwa lazima, na barua pia lazima, kwa sababu taarifa za mlipakodi ni siri na ofisa hawezi kumfungulia mtu baki jalada lako bila idhini yako.

Kilichonifanya nisite ni yaliyompata jirani yangu wa biashara ya nafaka. Mhasibu wake alikuwa na barua ya aina ile ile. Kikao cha mwisho cha ukaguzi akasaini ukurasa uliosema mlipakodi anakubaliana na marekebisho. Jirani alikuja kuujua ule ukurasa alipokwenda kuandika pingamizi.

Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini, kwa sababu pana hesabu ndani yake. Ukipata notisi ya makadirio usiyokubaliana nayo, unayo haki ya kuweka pingamizi ndani ya siku 30 tangu uipokee. Ila pingamizi halipokelewi bure. Unatakiwa ulipe kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au ile sehemu isiyo na ubishi, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Kamishna anaweza kukupunguzia au kukusamehe malipo hayo ukimwandikia na sababu za msingi, lakini huwezi kupanga biashara yako kwa kutegemea hilo.

Chukua kesi yetu. Wakaguzi katika matokeo yao ya awali walikataa manunuzi ya shilingi milioni 40, kwa kuwa hayakuwa na risiti za EFD, yalikuwa kwenye daftari tu. Kampuni inatozwa asilimia 30 ya faida, kwa hiyo milioni 40 ikiongezwa kwenye faida inaleta kodi ya milioni 12, ukiacha riba. Theluthi yake ni milioni 4. Sasa mwakilishi wako akikubali kwa maandishi kwamba manunuzi ya milioni 24 hayana uthibitisho, kodi ya milioni 7.2 imeshatoka kwenye ubishi. Ukitaka kupinga kilichobaki, hulipi tena milioni 4 bali milioni 7.2. Sahihi moja ya mtu mwingine imekuongezea milioni 3.2 za kutafuta ndani ya mwezi mmoja, na hoja yako imeshakatwa miguu.

Kwa hiyo nilikaa na kaka tukaandika hivi, kwenye karatasi yenye kichwa cha kampuni:

"Meneja wa Mkoa, Mamlaka ya Mapato Tanzania, Dodoma.

YAH: IDHINI YA KUWAKILISHWA KATIKA UKAGUZI WA KODI YA MAPATO, MWAKA 2022

Kampuni yetu, yenye TIN iliyotajwa hapo juu, inamruhusu mshauri wa kodi aliyetajwa hapo chini kufanya mambo yafuatayo kuhusu ukaguzi huo pekee: kuwasilisha vielelezo na kupokea orodha ya vinavyohitajika, kuuliza na kupewa taarifa za akaunti yetu ya kodi ya mapato ya mwaka 2022, kuhudhuria vikao na kutoa maelezo ya hesabu.

Hana mamlaka ya kukubali makadirio au marekebisho yoyote, kufikia makubaliano ya kumaliza shauri, kuweka au kuondoa pingamizi, kuomba kulipa kwa awamu, kupokea marejesho ya fedha, wala kubadili taarifa za usajili wetu ikiwemo simu, baruapepe na akaunti ya benki. Hawezi kumkabidhi mtu mwingine idhini hii. Katika muhtasari wa kikao sahihi yake inathibitisha mahudhurio tu.

Notisi ya makadirio na uamuzi wowote wa kodi vipelekwe kwa kampuni moja kwa moja; mwakilishi apewe nakala tu.

Idhini hii inaanza tarehe ya barua hii na kukoma tarehe 31 Desemba 2024, au mapema zaidi tukiifuta kwa maandishi."

Chini tulisaini wakurugenzi wote wawili, tukagonga muhuri wa kampuni, naye mhasibu akasaini kwamba ameisoma na ameikubali mipaka. Sahihi yake hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Barua inamwambia ofisa wa kodi nini asikubali kutoka kwa mwakilishi wako, lakini mwakilishi mwenyewe akivuka mpaka unahitaji karatasi inayoonyesha alikuwa anaujua. Tuliambatisha azimio la bodi la ukurasa mmoja, nakala za vitambulisho vyetu vya NIDA na chake, pamoja na cheti chake cha ushauri wa kodi. Nakala ya pili ya barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na hiyo ndiyo niliyoiweka kwenye faili. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni barua uliyojiandikia mwenyewe.

Kifungu cha notisi ndicho mhasibu alichokibishia zaidi. "Mama, ikija kwangu nitaishughulikia haraka," alisema. Nikamjibu kwamba sina shaka na haraka yake, ila siku 30 zinaanza kuhesabiwa notisi inapopokelewa. Ukimfanya mwakilishi kuwa mpokeaji, notisi inaweza kulala kwenye meza yake akiwa msibani, na siku zako zinakatika bila wewe kujua kwamba kuna saa imeanza kwenda. Mwenyewe akacheka, akakubali.

Tulipozungumzia hati ya uwakilishi, ile inayoandaliwa na kushuhudiwa na wakili, nilisema hapana. Kwa mtu aliye nje ya nchi au mgonjwa inafaa, maana anahitaji mtu wa kuamua badala yake. Mimi nilihitaji mtu wa kubeba karatasi na kuzieleza. Uamuzi nilitaka ubaki Kibaigwa.

Kuna mlango mmoja ambao barua haiufungi, nao ni mfumo wa mtandaoni. Aliye na nywila yako hasomi mipaka yako. Akiingia anaweza kuwasilisha ritani, na ritani ikishawasilishwa ni ya kampuni, ikiwa na makosa wanaodaiwa ni ninyi. Kwa hiyo namba ya simu na baruapepe zilizosajiliwa ni zangu, nywila ninayo mimi, na namba za siri zinazotumwa kwenye simu sizisomi kwa mtu yeyote kwa njia ya simu. Mhasibu anaandaa, ananitumia, nasoma, natuma. Malipo vilevile: namba ya malipo inatoka kwenye mfumo, nami nalipa benki au kwa simu. Hakuna siku fedha ya kodi inapitia mkononi mwa mhasibu, na yeye mwenyewe anasema anapenda iwe hivyo.

Mipaka ilijaribiwa kwenye kikao cha matokeo ya awali. Mhasibu alinipigia akiwa kwenye korido. "Mama, hawa wako tayari kumaliza leo tukikubali milioni 24. Nafanyaje?" Nikasikia ofisa nyuma yake akiuliza kama ana ruhusa ya kusaini. Akamwonyesha barua. Ofisa akaisoma, akasema basi pelekeni majibu kwa maandishi, akatupa muda. Sikuona mtu aliyekasirika. Nadhani hata kwao ni nafuu kujua wanaongea na nani kuhusu nini.

Majibu tuliyaandaa hapa kiwandani, na hapa ndipo mhasibu alipostahili kila shilingi ya malipo yake. Daftari letu lina jina la mkulima, kijiji, kilo na sahihi au dole gumba. Peke yake ni maneno yetu tu. Lakini kila mzigo uliotoka kijijini ulilipiwa ushuru wa mazao, na risiti za mashine ya POS ya halmashauri zina tarehe na uzito. Kaka alisoma daftari kwa sauti, mhasibu akawa anatafuta risiti ya tarehe ile, mimi nikatafuta muamala wa simu tuliomlipa mkulima. Palipo na vitatu vinavyoshabihiana tuliweka alama ya kijani. Palipo na viwili, njano. Daftari peke yake, nyekundu.

Kijani na njano zilifika milioni 31. Nyekundu zilikuwa milioni 9, nyingi zikiwa za wakulima waliokuja wenyewe na gunia moja moja wakalipwa taslimu getini. Hizo tuliamua, mimi na kaka, kuziachia. Barua ya kukubali milioni 9 na kupinga milioni 31 niliisaini mimi, mhasibu akaipeleka na jedwali lenye viambatisho vilivyopewa namba. Notisi ilipokuja, ililetwa kwetu kama barua ilivyotaka: kodi ya milioni 2.7 na riba yake. Hatukuweka pingamizi, tukalipa.

Kitu kimoja nimekirekebisha tangu hapo. Ile barua haikusema "maandishi" maana yake nini kati yangu na mhasibu, na siku ya korido tulijikuta tunaamua jambo kubwa kwa simu. Sasa tuna karatasi yetu ya ndani, haiendi TRA, inayosema ridhaa yangu ni ujumbe wa WhatsApp au baruapepe unaotaja jambo na kiasi, na kwamba simu peke yake si ridhaa. Humo pia ameandika kwamba atanirudishia nyaraka zote halisi ndani ya siku 7 idhini ikikoma.

Idhini ya 2024 iliisha kwa tarehe yake, lakini bado nilipeleka barua fupi ya kufuta, nikataja tarehe ya ile ya kwanza, nikagongewa muhuri kwenye nakala. Ofisa anayefungua jalada miaka miwili baadaye huenda akaona barua ya kuteua tu kabla hajaona tarehe ya kukoma, na nilitaka za kuteua na kufuta zikae faili moja. Mhasibu ni yule yule. Kwa ritani ya mwaka uliofuata nilimwandikia nyingine, na hiyo ina mamlaka mawili tu: kuuliza salio la akaunti ya kodi, na kupeleka vielelezo atakavyoombwa.