Bati 800 zilizopotea Masasi: nilivyokagua masalio ya mwanzo bila faili la mkaguzi aliyetangulia

Wadau naomba niwaeleze hii kazi ya Masasi maana imenikaa kichwani na najua kuna wenzangu wengi wanakutana na hali hii hii. Mteja alikuwa ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa jumla, bati, simenti, nondo, na vitu vidogo vidogo kama misumari, bawaba na rangi. Mwaka wake wa hesabu unaisha tarehe 31 Desemba. Tuliteuliwa Novemba 2022 kukagua mwaka huo huo wa 2022, na mkaguzi aliyetangulia alikuwa ameshafariki, alikuwa anafanya kazi peke yake, ofisi ikafungwa na familia haikuwa na karatasi zake zozote. Tulichopewa ni hesabu za 2021 zilizosainiwa pamoja na ripoti yake, hati safi, basi.

Mimi nikasema si hati ni safi, tuchukue yale masalio ya tarehe 31 Desemba 2021 tuyahamishe tuendelee na mwaka wetu. Bosi wangu akanikatalia hapo hapo. Akaniambia binti, ripoti ya mtu ambaye hujaona kazi yake haikupi ushahidi, na kiwango cha ukaguzi namba 510 kinataka uwe na ushahidi wako kwamba masalio ya mwanzo hayana kosa kubwa linaloharibu mwaka unaoukagua. Ukikosa karatasi za mwenzako zinabaki njia mbili, kazi unayoifanya mwaka huu ikupe jibu la nyuma, au ufanye vipimo maalum kwenye hayo masalio yenyewe.

Sehemu nyingine hazikutusumbua sana. Mkopo wa benki tuliandikia benki wakathibitisha salio la 31 Desemba 2021. Gari na kiwanja tukaona kadi na hati. Wadaiwa tulifuatilia pesa zilizoingia 2022, maana mtu aliyekuwa anadaiwa Desemba akilipa Februari kupitia benki na invoisi yake ni ya Novemba, deni lilikuwepo kweli, na wengi walilipa mapema kwa sababu huku kusini pesa ya korosho ikishatoka watu wanamaliza madeni ya dukani.

Kazi ilikuwa stoo. Mzigo wa tarehe 31 Desemba 2021 hukuuona na huwezi kurudi kuuhesabu, umeshauzwa wote. Ndio maana nashukuru tuliteuliwa Novemba na sio Machi, kwa sababu tuliweza kusimama stoo siku ya 31 Desemba 2022 tukahesabu wenyewe kisha tukarudi nyuma. Unachukua ulichohesabu, unajumlisha kilichouzwa mwaka mzima, unatoa kilichopokelewa mwaka mzima, unapata kilichokuwepo siku ya kwanza. Kwa bati tulihesabu 2,310. Zilizouzwa 14,600 na hizo tulizipata kwenye delivari noti. Zilizopokelewa 13,900 kwenye kitabu cha mapokezi cha stoo. Kwa hiyo 2,310 jumlisha 14,600 toa 13,900 inakuja 3,010. Sasa orodha ya stoo ya mwaka uliopita inasema 3,810. Zimepungua 800, na kila moja ilinunuliwa kwa 22,000, kwa hiyo ni shilingi milioni 17.6, wakati kiwango chetu cha kosa kubwa kwenye ile kazi kilikuwa milioni 12.

Kumbe ndani ya duka walishaliona hilo pengo kabla yetu, ila wao wameliona kutoka upande mwingine. Leja yao ilisema mwisho wa mwaka ziwepo bati 3,110 na kwenye hesabu ya stoo zipo 2,310, kwa hiyo wakasema mtunza stoo kaiba, na walishaanza kumkata mshahara. Nilimkuta kijana amekaa nje ya stoo amenyong'onyea kabisa. Akaniambia dada, mimi bati mia nane nizipitishie wapi, lori zima hilo, mlinzi yupo na majirani wapo. Ile kauli ya lori zima ndio ilinifungua akili, maana wizi wa kidogo kidogo hauji na namba iliyonyooka kama 800, namba ya hivyo mara nyingi ni mzigo mmoja.

Jambo la kushika hapa ni kwamba hii hesabu ya kurudi nyuma inakuonyesha kuna tofauti, haikuonyeshi kosa ni la mwaka gani. Ukijifungia na leja ya mteja utazunguka tu. Inabidi upate karatasi ya mtu wa nje, kwa hiyo tukamwomba msambazaji wa Dar atutumie stetimenti ya miezi miwili, Desemba 2021 na Januari 2022. Pale kuna invoisi moja ya tarehe 29 Desemba 2021, bati 800, milioni 17.6. Kwenye leja ya mteja invoisi hiyo hiyo imeandikwa tarehe 5 Januari 2022. Kitabu cha stoo nacho kinaonyesha mzigo ulishushwa tarehe 5 Januari, kwa sababu lori liliharibika njiani likalala Somanga siku kadhaa kabla ya kufika Mingoyo na kukata kona ya Masasi.

Nikamfuata mzee mwenye duka, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamuuliza huu mzigo ulikuwa wa nani ukiwa barabarani? Akasema wangu, lori nakodi mimi na likishatoka getini kwa msambazaji hasara ni yangu. Basi ikaeleweka yote. Mwaka 2021 walipoandaa orodha ya stoo waliongeza zile bati 800 zilizo njiani, na hapo walikuwa sahihi, ila invoisi yake hawakuiingiza Desemba, wakaiingiza Januari. Mali imehesabiwa mwaka mmoja na gharama yake imeandikwa mwaka mwingine. Faida ya 2021 ikazidi milioni 17.6 na ya 2022 ikapungua kiasi hicho hicho, na leja ikahesabu bati zile zile 800 mara mbili, kwenye salio la mwanzo na kwenye manunuzi. Hakukuwa na wizi.

Marekebisho hayakuwa ya kuandika hasara ya stoo kama mhasibu alivyotaka. Tulirudisha manunuzi Desemba 2021, deni la msambazaji kwenye masalio ya mwanzo likapanda na faida limbikizi ya mwanzo ikashuka, na namba za 2021 zikaandikwa upya pamoja na maelezo yake. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo milioni 5.28 nayo ilihama mwaka, ikabidi wapeleke ritani zilizorekebishwa TRA. Na kijana alirudishiwa makato yake yote, hilo nilililia mwenyewe kwa mzee mpaka likafanyika.

Ila sio kila kitu kilikubali. Misumari, bawaba na rangi zilikuwa milioni 38 kwenye salio la mwanzo, na mauzo yake hayana delivari noti, risiti ya EFD imeandikwa tu vifaa vya ujenzi. Hapo huwezi kurudi nyuma, hujui kiliuzwa nini. Tukaangalia uwiano wa faida ghafi mwezi kwa mwezi, haukuonyesha kitu cha kushangaza, lakini huo peke yake ni ushahidi mwepesi kwa milioni 38. Kwa hiyo hati ikagawanyika. Mizania ya 31 Desemba 2022 ikapata hati safi kwa sababu ile stoo tuliihesabu kwa macho yetu, na faida na mtiririko wa fedha wa 2022 vikapata hati yenye shaka kwa sababu stoo ya mwanzo inaingia moja kwa moja kwenye gharama ya mauzo. Mzee hakufurahi, akauliza inakuwaje nusu safi nusu shaka, nikakaa naye na zile karatasi jioni nzima mpaka akaelewa.

Mwaka 2023 masalio ya mwanzo yalikuwa ni yetu wenyewe, hayakuwa na shida. Lakini faida ya 2022 inakaa pembeni ya ya 2023 kama namba ya kulinganisha na bado ina ule mzigo wa misumari, kwa hiyo hata ripoti ya 2023 ilibidi iseme hivyo, na duka likaanza kuandika kila aina ya bidhaa kwenye risiti.